Mtoto anakoroma kila usiku: kutoka kumrekodi kitandani hadi uamuzi wa upasuaji

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa kiume wa miaka 5, na kukoroma hakukuwa hata kwenye orodha ya malalamiko yake. Kilichomleta ni mwalimu. Mtoto hatulii darasani, anawapiga wenzake, anaanza kuchora kitu na kukiacha katikati, na akiitwa jina haitiki mpaka aitwe mara tatu. Nilipouliza analalaje, mama alicheka. "Huyo? Huyo analala fofofo, dada. Anakoroma kama baba yake, mpaka chumba cha pili tunamsikia."

Nimefanya uuguzi wa masikio, pua na koo kwa miaka mingi, na kicheko hicho nimekisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikikisikia natafuta kalamu. Mtu mzima akikoroma ni kero kwa anayelala naye. Mtoto akikoroma usiku tatu au zaidi kwa wiki, wakati hana mafua, inabidi tujue hewa yake inapita wapi. Wengi wao itaonekana hawana tatizo kubwa. Wachache kati yao pumzi inazibika usiku kucha, na mchana wanaitwa watukutu.

Nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kutenganisha makundi haya mawili na namna ya kuchagua tiba, nikimtumia mtoto yule kama mfano.

Kwanza, kinachoziba

Tonsili ni vinundu viwili vilivyo pembeni mwa koo, kimoja kila upande. Ukimmulika mtoto mdomoni unaviona. Adenoidi ni nyama ya aina hiyohiyo iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo tochi haifiki. Wengi huiita nyama za puani, ingawa jina hilo hutumika pia kwa uvimbe wa aina nyingine unaoota ndani ya pua, kwa hiyo ukiambiwa mtoto ana nyama za puani uliza ni zipi. Zote mbili ni sehemu ya kinga ya mwili. Kati ya miaka 2 na 8 huwa kubwa kuliko nafasi zilizomo, kwa sababu zenyewe zimeshakua na koo bado ni dogo. Baadaye uso hurefuka, adenoidi husinyaa, na njia hupanuka.

Mchana misuli ya koo hushikilia njia wazi, ndiyo maana mtoto huyohuyo anakimbia na kupiga kelele bila shida. Akilala misuli inalegea, na katika usingizi wa ndoto hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Hapo tonsili mbili kubwa na ulimi ulioanguka nyuma vinaweza kukutana. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka kidogo ili kuikaza misuli, mtoto anavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kulala. Haamki, halii, asubuhi hakumbuki. Usingizi wake, hata hivyo, umekatwakatwa vipande.

Mtu mzima aliyelala hivyo husinzia mchana. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume: hachoki kuhangaika, ana hasira za karibu, hashiki jambo moja kwa muda mrefu. Ndiyo maana watu hawaunganishi usiku na mchana.

Hatua ya 1: Msikilize saa tisa usiku

Kosa la kwanza la wazazi ni kumchungulia mtoto saa tatu au saa nne usiku, wao wenyewe wanapokwenda kulala. Usingizi wa saa za mwanzo ni mzito na huwa na ndoto chache. Mtoto atakoroma vizuri, mfululizo, na utarudi kitandani umetulia. Usingizi wa ndoto hujaa zaidi kuelekea asubuhi. Weka kengele ya simu kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, ukae kando ya kitanda dakika kumi bila kumgusa.

Sikiliza mambo mawili. La kwanza ni ukimya. Koromo linaloendelea bila kukatika linatisha kidogo kuliko koromo linalokatika ghafla, kimya, kisha mkoromo mkubwa au mshtuko kama wa mtu aliyeibuka majini. La pili ni urefu wa huo ukimya. Kwa watu wazima hesabu ni sekunde kumi. Mtoto hapumui kama mtu mzima, kwa hiyo kipimo chake ni pumzi mbili zilizokosekana. Mtoto wa miaka 5 hupumua takriban mara 20 kwa dakika akiwa amelala, yaani pumzi moja kila sekunde tatu. Ukimya wa sekunde sita kwake tayari unahesabika. Nimewahi kuona wazazi waliosubiri sekunde kumi zitimie na kuandika "hakuna tatizo" usiku baada ya usiku.

Kisha tazama. Shingo imepindwa nyuma kama anayetazama dari? Amelala kwa kupiga magoti, makalio juu? Mdomo uko wazi? Jasho limelowesha mto ingawa chumba hakina joto? Mikao hiyo yote ni namna ya mwili kujitafutia njia ya hewa.

Hatua ya 2: Rekodi video

Video ya dakika mbili au tatu humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu mtoto aliye macho kliniki hana la kuonyesha. Ila video nyingi zinazoletwa kwetu ni giza tupu lenye sauti. Sauti peke yake haitoshi. Tunachotaka kukiona ni kifua.

Washa taa ndogo, fungua vifungo au pandisha fulana mpaka kifua na tumbo vionekane, na usimame mahali ambapo picha moja inashika uso na kifua pamoja. Acha simu itulie. Wakati wa ukimya, tazama: ikiwa kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika lakini hakuna sauti ya hewa, njia imeziba. Ikiwa kifua nacho kimetulia kabisa, huenda ubongo haujatoa amri ya kupumua, na hiyo ni habari nyingine ambayo kukata tonsili hakutaitibu. Angalia pia kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari na nafasi za mbavu: kama vinabonyea ndani kila anapovuta, anavuta kwa nguvu kupita kiasi.

Video ya mtoto wetu ya saa nne usiku ilikuwa na koromo tu. Ile ya saa kumi alfajiri, katika dakika tatu, ilikuwa na vipindi vinne vya ukimya. Kirefu kilikuwa sekunde tisa, kifua kikihangaika muda wote. Mama yake aliitazama pamoja nasi, na safari hii hakucheka.

Hatua ya 3: Daftari la wiki mbili

Usiku mmoja unaweza kudanganya, hasa mtoto akiwa na mafua. Andika usiku 14 mfululizo, mistari michache tu: alikoroma au la, ulisikia ukimya au la, alikojoa kitandani au la, aliamka na kichwa kinauma au mdomo mkavu. Kukojoa kitandani kunawashangaza wengi. Pumzi inapovutwa dhidi ya njia iliyoziba, moyo hunyooshwa na mwili hutengeneza mkojo zaidi, huku mtoto akiwa katika usingizi ambao haumruhusu kuamka. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kisha akaanza tena, na anakoroma, hastahili kuadhibiwa.

Upande wa pili wa daftari ni wa mchana, na hapo mwombe mwalimu asaidie. Usimwulize kama mtoto ni mtundu, maana utapata jibu lilelile. Mwulize anaweza kukaa na kazi moja kwa dakika ngapi, ni saa ngapi anaharibika zaidi, na kama akiitwa kwa nyuma anageuka. Swali la mwisho linahusu masikio. Adenoidi kubwa hukaa jirani na mdomo wa mrija unaopitisha hewa kwenda sikio la kati, na mrija usipofanya kazi, sikio hujaa ute. Mtoto hasikii vizuri, hasa herufi nyepesi kama s, f na t, wala hajui kwamba hasikii. Hivyo mtoto mmoja anaweza kushindwa darasani kwa sababu mbili tofauti zilizotoka kwenye nyama moja.

Daftari la mtoto wetu: alikoroma usiku 12 kati ya 14. Mama aliamka usiku sita, na yote sita alisikia ukimya. Alikojoa kitandani mara tano. Mwalimu aliandika kwamba anashika kazi kwa dakika kama tatu, na kwamba akiitwa kwa nyuma hageuki.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki mbili. Midomo kuwa ya bluu, kuhangaika kupumua hata akiwa macho, kutoka udenda kwa kushindwa kumeza, au mtoto mchanga anayeacha kupumua: hao wanakwenda hospitali leo. Tonsili moja inayokua haraka kuliko mwenzake nayo ionwe mapema.

Hatua ya 4: Kliniki, na yale ambayo kila kipimo hakiwezi kukuambia

Daktari wa masikio, pua na koo ataangalia tonsili na kuzipa daraja kutoka 0 hadi 4. Daraja la 4 ni zile zinazokaribia kugusana. Hapa wazazi hujidanganya, na wakati mwingine hata sisi. Ukubwa unaouona haulingani moja kwa moja na ubaya wa usiku. Nimeona mtoto wa daraja la 2 ambaye usiku wake ulikuwa balaa kwa sababu adenoidi ilikuwa imejaza nyuma ya pua, na mwingine wa daraja la 4 aliyelala kwa amani. Adenoidi huonwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, au kwa eksirei ya shingo iliyopigwa ubavuni.

Uzito na urefu lazima vipimwe na kulinganishwa na kadi ya makuzi. Mtoto anayepigania hewa usiku kucha anaweza kudumaa. Wetu alikuwa na kilo 15.5, na kadi ilionyesha hajaongezeka hata nusu kilo katika mwaka mzima.

Omba masikio yapimwe hata kama hujalalamikia masikio. Kwake usikivu ulianzia desibeli 35 pande zote mbili, wakati mtoto hutarajiwa kusikia sauti za desibeli 20 au chini ya hapo. Ni kama mtu aliyetia vidole masikioni na kuambiwa afuate somo.

Kipimo kamili cha tatizo hili ni kulala usiku mmoja maabara akiwa ameunganishwa na vifaa vinavyosoma ubongo, pumzi, kifua na oksijeni. Hutoa hesabu ya mara ngapi kwa saa pumzi inaziba au kupungua. Kwa mtoto zaidi ya mara 1 kwa saa si kawaida. Kati ya 5 na 10 ni wastani. Zaidi ya 10 ni kali. Maabara hizi ni chache, na watoto wengi hufanyiwa upasuaji bila kupita huko, kwa historia, video na uchunguzi tu. Kwa mtoto ambaye hana ugonjwa mwingine hilo linakubalika. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, mwenye uzito mkubwa sana, mwenye seli mundu, mwenye hali ya Dauni, au mwenye udhaifu wa misuli au umbo la uso lisilo la kawaida, kipimo hicho kidaiwe kabla ya kisu.

Njia ya katikati ni kifaa cha kubana kidoleni kinachorekodi oksijeni usiku kucha. Ukiona makundi matatu au zaidi ya kushuka kwa oksijeni, na angalau mara tatu ikaenda chini ya asilimia 90, jibu liko wazi. Lakini ikirudi safi, usiseme mtoto ni mzima. Wapo ambao usingizi wao unakatwakatwa bila oksijeni kushuka sana, na kifaa hiki hakiwaoni. Cha mtoto wetu kilionyesha makundi matano, na oksijeni ilifika asilimia 82.

Hatua ya 5: Kuchagua kati ya kusubiri, kupuliza na kukata

Mtoto anayekoroma bila ukimya, anayekua vizuri na ambaye mchana hana shida, anaweza kusubiri. Mpe miezi kadhaa, ondoa moshi wa sigara nyumbani, tibu mzio wa pua kama upo, halafu rudia daftari.

Dalili zikiwa za kiasi, anza na pua. Wengi huandikiwa dawa ya kupuliza yenye steroidi, kama mometasoni au flutikasoni, kwa wiki sita au zaidi. Kuna jaribio kutoka Australia lililochapishwa mwaka 2023 ambalo nalipenda kwa sababu lilitupunguzia majivuno. Watoto 276 wa miaka 3 hadi 12 waliokuwa wakikoroma waligawanywa makundi mawili, wengine wakapuliziwa mometasoni, wengine maji ya chumvi tu. Baada ya wiki sita, takriban watoto wanne kati ya kila kumi walikuwa wametulia katika kila kundi. Dawa haikuyashinda maji ya chumvi. Kwa hiyo, mtoto asiye na hali kali, wiki sita za maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, kila siku bila kuruka, ni mwanzo wa haki kabisa. Puliza ukielekeza ncha kwenye ukuta wa nje wa pua, upande wa sikio, usielekeze katikati, maana katikati ndipo panapotoa damu.

Montelukasti, dawa ya pumu na mzio, nayo huandikwa. Tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo kali kuhusu ndoto za kutisha, hasira na mabadiliko ya tabia. Kwa mtoto aliyeletwa kwa sababu ya tabia, unaona mtego ulipo: dawa ikimvuruga, utadhani ni ugonjwa uleule. Akiandikiwa, jua cha kutazama.

Antibiotiki haiwezi kusinyaza tonsili zilizo kubwa kwa umbile. Hilo nalisema kwa sababu watoto wengi hufika kwetu wakiwa wamemeza kozi tano.

Upasuaji ndio tiba kuu ya mtoto ambaye pumzi yake inaziba kweli na tonsili au adenoidi ni kubwa. Mara nyingi vyote viwili huondolewa kwa pamoja. Tonsili inaweza kutolewa nzima, au kupunguzwa ikaachwa ganda lake la nje. Kupunguza kuna maumivu machache na damu kidogo, ila nyama inaweza kuota tena kwa baadhi yao. Uliza daktari wako anafanya ipi na kwa nini.

Sasa swali ambalo kila mzazi ananiuliza: akikatwa, atafaulu? Nijibu kwa ukweli. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 lilifuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, wengine wakakatwa mapema, wengine wakasubiri kwa uangalizi. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliokatwa, na asilimia 46 ya waliosubiri. Tabia kwa maelezo ya wazazi na walimu, dalili za usiku na hali ya maisha vilikuwa bora waziwazi kwa waliokatwa. Lakini mtihani rasmi wa umakini na kupanga mambo, ambao ndio ulikuwa lengo kuu, haukuonyesha tofauti ya maana. Na tazama tena ile asilimia 46: karibu nusu ya waliosubiri nao walitengemaa. Watoto wenye hali kali sana hawakuingizwa kwenye jaribio hilo, kwa hiyo usilitumie kumchelewesha mtoto ambaye oksijeni inafika 82.

Kwa hiyo akatwe kwa ajili ya pumzi, usingizi, ukuaji na tabia. Usimwahidi mtu alama.

Hatua ya 6: Kabla ya siku yenyewe

Daktari wa nusukaputi ataka kujua mambo ambayo wazazi huyaona madogo. Je, kuna mtu katika ukoo anayetoka damu bila kukoma baada ya kung'oa jino au kutahiriwa? Mtoto ana seli mundu? Kama hajapimwa na uwezekano upo, apimwe, kwa sababu mwenye seli mundu anahitaji matayarisho yake ya maji, joto na pengine damu. Ana jino linalocheza? Kwa umri huu hilo ni la kawaida mno, na jino likidondoka akiwa kwenye nusukaputi linaweza kwenda mapafuni. Kikohozi au homa katika wiki mbili zilizopita? Sema, hata kama unaogopa tarehe itasogezwa. Ni afadhali isogezwe.

Ukiona kilimi kimegawanyika ncha mbili, mwambie daktari pia. Kinaweza kuwa ishara ya ufa uliojificha kwenye kaakaa, na mtoto wa namna hiyo akitolewa adenoidi yote, sauti yake inaweza kutokea puani na vinywaji kurudi puani.

Mtoto chini ya miaka 3, au ambaye hali yake ni kali, hulala hospitali usiku wa kwanza akifuatiliwa oksijeni. Usikubali kurudishwa jioni ileile kwa sababu kitanda kinahitajika. Mtoto wetu alilazwa.

Hatua ya 7: Siku 14 za nyumbani

Hapa ndipo mambo huharibika, na mara nyingi ni kwa sababu ya maumivu. Mtoto mwenye maumivu hamezi, asiyemeza anakaukiwa, koo kavu linauma zaidi na hutoa damu kwa urahisi. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa zilizopangwa, usisubiri alie, angalau kwa siku tano hadi saba za mwanzo.

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Kwa kilo 15.5 ni kama miligramu 230. Sasa angalia chupa. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 itakuwa mililita 9.5. Yenye miligramu 250 katika mililita 5 itakuwa mililita 4.5. Majirani wakikusaidia na chupa nyingine na ukaendelea na kipimo cha zamani, umempa mtoto dozi maradufu au nusu. Daktari akiruhusu, ibuprofeni huongezwa, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8, mtoto akiwa anakunywa maji vizuri. Aspirini asipewe. Kodeini asipewe kabisa: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya ziliizuia kwa watoto baada ya upasuaji huu, kwa sababu baadhi ya miili huigeuza haraka kuwa mofini na watoto walikufa usingizini.

Ale chochote anachoweza kumeza. Kinachopimwa ni maji: akikaa saa nane au zaidi bila kukojoa, mpigie daktari.

Kuna mambo yatakayokutisha bure. Koo litafunikwa utando mweupe au wa njano. Huo si usaha, ni kidonda kinachopona. Mdomo utanuka kwa wiki nzima. Masikio yatauma siku ya tatu hadi ya sita ingawa hayana kitu, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa koo unahudumia pia sikio. Na ataendelea kukoroma siku kadhaa kwa sababu ya uvimbe.

Kisichokuwa cha bure ni damu. Inaweza kutoka ndani ya saa 24, au utando unapobanduka, kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati kila mtu ameshatulia. Mtoto mdogo hataitema; ataimeza. Ukimwona usingizini anameza mara kwa mara, mmulike koo. Damu mbichi, hata kijiko kimoja, ni safari ya hospitali usiku huohuo, maana donge dogo huweza kutangulia mmiminiko. Kwa sababu hiyo usisafiri naye mbali na hospitali kwa wiki mbili.

Usiku wa sita mama wa mtoto wetu aliona mate mekundu kwenye mto. Alikuja nao mkononi. Damu ilikuwa imekoma yenyewe, tukamlaza kwa uangalizi hadi kesho yake, haikurudi.

Hatua ya 8: Rudia video baada ya miezi mitatu

Uvimbe umekwisha, usingizi umezoea. Rekodi tena alfajiri, kwa namna ileile. Kwa wengi ukimya umeondoka. Wanaobaki na tatizo mara nyingi ni wenye uzito mkubwa, wenye pumu, au waliokuwa na hali kali mno mwanzoni. Hao wafanyiwe kipimo cha usingizi, na wengine watahitaji kinyago cha hewa cha usiku au mifupa ya taya kuangaliwa. Mtoto akianza kukoroma tena baada ya mwaka au miwili, arudi kliniki, kwani adenoidi huweza kuota.

Mtoto wetu alirudi na kilo 17.1. Kukojoa kitandani kulikoma wiki ya tano. Masikio yalipopimwa tena usikivu ulikuwa desibeli 20, ute umekauka wenyewe. Mwalimu aliandika kwamba anakaa na kazi dakika kumi na kwamba hajampiga mtu mwezi mzima. Kusoma bado yuko nyuma ya wenzake, maana miezi ile ambayo hakusikia herufi s haikurudi na nyama iliyotolewa. Tulimwandikia barua ya kukaa mbele darasani na kufundishwa sauti za herufi upya, kuanzia mwanzo.